Simu ya mkopo: Faini ya buku mbili inavyozaa deni la zaidi ya laki

Moshi. Kwenye mkataba wa simu ya mkopo kuna mstari ambao wanunuzi wengi huupita haraka: ukichelewesha rejesho, utatozwa faini. Faini yenyewe ikiwa Sh2,000, mtu anaona ni buku mbili tu, anasaini na kuondoka na simu yake.

Lakini swali la maana si faini ni shilingi ngapi. Swali ni faini hiyo inatozwa mara ngapi, na pesa utakayolipa baadaye inaanza kukata nini. Majibu mawili tofauti ya maswali hayo yanaweza kutenganisha deni la Sh56,000 na deni la Sh112,000, kwa mtu yuleyule aliyekosa marejesho yaleyale manne.

Hesabu zilizo hapa chini ni mfano tu, si bei za kampuni fulani. Chukua mkataba wako na uweke namba zako mwenyewe mahali pake.

Mpunga hauvunwi kila wiki

Mchukulie mkulima wa mpunga wa Chekereni, kwenye mashamba ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Tangu mbegu iwe kitaluni, miche ipandikizwe kwenye majaruba, hadi mpunga uvunwe, inapita miezi minne hivi. Katika miezi hiyo pesa inatoka tu: kulima, kupandikiza, mbolea, palizi, kuinga ndege. Inaingia kwa mkupuo mmoja siku gunia linapouzwa.

Rejesho la simu halijui msimu. Linataka pesa kila siku au kila wiki. Mama lishe au dereva wa bodaboda wa Moshi mjini anaweza kulitoa kwenye mauzo ya siku. Mkulima analitoa kwenye akiba, na akiba ikiisha kabla ya mavuno, hapo ndipo kuchelewa kunapoanza. Hajawa mkaidi, ila kalenda yake na ya muuzaji hazilingani.

Bei ya kwanza kabla ya faini

Tuseme simu dukani ni Sh300,000 taslimu. Kwa mkopo, mkulima wetu anatoa kianzio cha Sh60,000, kisha Sh10,000 kila wiki kwa wiki 36. Marejesho yanafika Sh360,000, ukijumlisha na kianzio ni Sh420,000. Yaani hata asipochelewa siku moja, ameshakubali kulipa Sh120,000 zaidi ya bei ya taslimu. Hiyo ndiyo gharama ya kupewa muda, na ni vizuri aijue mapema.

Analipa vizuri wiki 12 za mwanzo. Kuanzia wiki ya 13 hadi ya 16 hana kitu, kwa sababu pesa yote iko shambani. Wiki ya 17 anapata kibarua na kuanza tena kulipa Sh10,000 yake kila wiki kama zamani, akiamini amerudi kwenye mstari.

Faini ya mara moja

Mkataba wa kwanza unasema: kila rejesho litakalochelewa litatozwa Sh2,000, mara moja. Marejesho manne yamechelewa, faini ni Sh8,000. Mwisho wa wiki ya 16 anadaiwa malimbikizo ya Sh40,000 pamoja na faini hiyo, jumla Sh48,000.

Wiki ya 17 analipa Sh10,000. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika mikataba mingi ya mikopo, pesa inayoingia inaanza kukata faini, kinachobaki ndicho kinachopunguza marejesho ya zamani. Kwa hiyo Sh8,000 inamaliza faini na Sh2,000 inaenda kwenye rejesho la wiki ya 13. Rejesho la wiki ya 17 lenyewe halijaguswa, hivyo nalo linahesabiwa limechelewa na linapigwa faini yake ya Sh2,000.

Mchezo huo unajirudia kila wiki. Analipa kwa wakati, lakini kwenye kompyuta ya muuzaji anasomeka amechelewa, na deni linaongezeka Sh2,000. Baada ya wiki nne za kulipa bila kukosa, anadaiwa Sh56,000. Si mzigo mkubwa sana, ila umeongezeka wakati yeye anadhani unapungua.

Faini ya kila wiki

Mkataba wa pili una maneno machache tu ya ziada: Sh2,000 kwa kila rejesho lililochelewa, kwa kila wiki ambayo bado halijalipwa.

Wiki ya 13 ana rejesho moja lililochelewa, faini ni Sh2,000. Wiki ya 14 yako mawili, faini ni Sh4,000. Wiki ya 15 ni Sh6,000, na wiki ya 16 ni Sh8,000. Faini zimefika Sh20,000. Ukiongeza malimbikizo ya Sh40,000, anadaiwa Sh60,000.

Wiki ya 17 analipa Sh10,000. Yote inamezwa na faini. Rejesho la wiki hiyo nalo linabaki, sasa yako matano, na faini mpya ya wiki ni Sh10,000. Amelipa Sh10,000 na faini imeongezeka Sh10,000 ileile. Wiki ya 18 faini mpya ni Sh12,000, wiki ya 19 ni Sh14,000, wiki ya 20 ni Sh16,000.

Mwisho wa wiki ya 20, baada ya kulipa Sh40,000, deni lililochelewa limetoka Sh60,000 na kufika Sh112,000. Hakuna hata shilingi moja kati ya hizo Sh40,000 iliyopunguza bei ya simu. Na ukipiga hesabu upya, faini alizotozwa tangu wiki ya 13, jumla Sh72,000, ni zilezile ambazo angetozwa kama angekaa kimya bila kulipa chochote. Malipo yake yamekata faini, lakini hayajazuia faini mpya hata moja kuzaliwa.

Kama mkataba huohuo ungesema pesa ianze kukata rejesho la zamani zaidi, marejesho yaliyochelewa yangebaki manne, na deni wiki ya 20 lingekuwa Sh92,000. Bado linapanda, lakini taratibu zaidi, kwa sababu faini inahesabiwa kwa marejesho yaliyochelewa na idadi yake haiongezeki.

Kinachozuia deni kupanda

Katika mkataba wa namna hii, deni linaacha kukua siku malimbikizo yote yanapofutwa. Wiki ya 17 ilihitajika Sh70,000 kwa mkupuo: Sh60,000 za nyuma na Sh10,000 za wiki hiyo. Akisubiri mavuno ya wiki ya 21, huku akilipa Sh10,000 kila wiki, itahitajika Sh122,000.

Kwa hiyo mtu akijua ana pengo la mwezi mbele yake, pesa yenye nguvu zaidi ni ile anayolipa kabla ya pengo. Kama baada ya kuuza mpunga wa msimu uliopita angetanguliza marejesho manne, Sh40,000, wiki ya 13 hadi ya 16 zingepita bila faini hata senti. Cha kuuliza kabla ya kutanguliza ni kama mfumo wa muuzaji unaihesabu pesa ya ziada kuwa ni wiki za mbele, maana mwingine huipeleka mwisho wa mkopo, na wiki ijayo bado unadaiwa kama kawaida.

Akiwa tayari amechelewa, kabla ya kutoa pesa kidogo kidogo aombe mambo mawili kwa mkopeshaji: faini isimamishwe kwa muda, na malipo yahesabiwe kwenye rejesho la zamani kwanza. Makubaliano hayo yaje kwa maandishi au kwa meseji. Maneno ya wakala dukani hayaingii kwenye kompyuta.

Simu inayofungwa badala ya faini

Ipo mikataba isiyotoza faini kabisa. Usipolipa, simu inafungwa, ukilipa, inafunguka. Mtindo huu ulizoeleka Afrika Mashariki kupitia taa za sola za kulipia kidogo kidogo, ambazo M-KOPA ya Kenya ilikuwa miongoni mwa walioziuza mwanzoni. Deni halivimbi, siku za kulipa ndizo zinazosogea mbele.

Gharama yake iko kwingine. Anayepokea oda za mchele kwa WhatsApp anapoteza wateja kwa siku ambazo simu imefungwa. Laini lakini inaweza kuhamishiwa kwenye kitochi ili pesa ya simu iendelee kuingia na kutoka.

Kinachoharibu zaidi ni kukopa kwingine ili kufungua simu. Huduma za kuongezewa salio, kama Songesha ya M-Pesa, zina ada zake, na hujilipa zenyewe mara pesa inapoingia kwenye laini. Pesa ya kibarua iliyotarajiwa kulipa rejesho la Ijumaa inakatwa kabla mwenyewe hajaigusa. Rejesho linachelewa tena, na sasa anahesabiwa faini huku, na ada kule.

Kabla ya kusaini

Maswali manne yanatosha, na muuzaji anayeelewa kazi yake anayajibu kwa dakika mbili. Jumla nitakayolipa hadi mwisho ni shilingi ngapi? Faini inatozwa mara moja au inajirudia, na ina kikomo? Pesa yangu inaanza kukata faini au rejesho? Nikitaka kulipa kwa mwezi au kwa msimu badala ya wiki, inawezekana?

Kama mkopo unatoka kwenye programu ya simu, swali la tano ni leseni. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wadogo wanatakiwa kuwa na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Kwa ambaye ameshasaini, kipimo ni kimoja. Wiki hii andika jumla ya deni lako kabla ya kulipa, kisha liangalie tena wiki ijayo baada ya kulipa. Kama umetoa Sh10,000 na deni limepungua kwa chini ya hapo, kiasi kilichopotea ndicho faini inachokula. Kama deni limepanda, endelea kulipa hivyohivyo na litapanda tena. Huo ndio wakati wa kwenda kwa mkopeshaji na hesabu hiyo mkononi, bila kungoja gunia liuzwe.