Vistari viwili vya ln|x|

Anayeanza kujifunza integrali hukabidhiwa mapema kanuni moja rahisi. Ukitaka integrali ya x yenye kipeo fulani, ongeza 1 kwenye kipeo, kisha gawanya kwa kipeo kipya. x² inatoa x³/3, na x⁵ inatoa x⁶/6. Hata vipeo hasi vinatii, kwa kuwa x⁻³ inatoa x⁻²/(−2). Kipeo kimoja tu kinagoma, nacho ni −1, yaani pale tunapokuwa na 1/x. Ukiongeza 1 kwenye −1 unapata 0, halafu kanuni inakutaka ugawanye kwa 0, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo mwalimu anaandika ubaoni:

∫ (1/x) dx = ln|x| + C

Darasa linanakili na somo linasonga mbele. Lakini logi imetokea wapi, wakati hakuna aliyeitaja? Na vile vistari viwili vilivyosimama pembeni mwa x vina kazi gani?

Tuanze na logi. Integrali ni eneo lililo kati ya mkunjo na mstari wa x. Chora mkunjo wa y = 1/x upande wa namba chanya: kwenye x = 1 kimo chake ni 1, kwenye 2 ni nusu, kwenye 3 ni theluthi, na unazidi kushuka bila kuugusa mstari. Chukua eneo lililo kati ya 1 na 2, ulikate vipande vyembamba vilivyosimama wima. Sasa kila kipande kipanue mara tatu, na papo hapo kipunguze kimo chake kibaki theluthi. Eneo la kipande halibadiliki, maana ulichoongeza kwenye upana umekitoa kwenye kimo. Kipande kilichokuwa juu ya 1.5 kimehamia juu ya 4.5, na kimo chake kilichokuwa 1/1.5 sasa ni 1/4.5. Hicho ndicho kimo cha mkunjo wetu mahali hapo. Vipande vyote vimeangukia palepale panapotakiwa, na vimejaza nafasi kati ya 3 na 6 bila kubakiza pengo. Basi eneo kutoka 1 hadi 2 ni sawasawa na eneo kutoka 3 hadi 6. Yote mawili ni 0.693 hivi.

Jibu letu limejificha hapo. Eneo kutoka 1 hadi 6 ni lile la kutoka 1 hadi 3, ukijumlisha na lile la kutoka 3 hadi 6. Hili la pili tumeona kwamba ni sawa na la kutoka 1 hadi 2. Kwa hiyo eneo la kufikia 6 ni jumla ya eneo la kufikia 3 na eneo la kufikia 2. Namba zimezidishwa, 3 mara 2, na maeneo yamejumlishwa. Kugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha ndiyo kazi ya logi tangu John Napier alipochapisha majedwali yake mwaka 1614. Padre Mjesuiti Grégoire de Saint-Vincent, mzaliwa wa Bruges, aliichapisha tabia hii ya maeneo mwaka 1647, na miaka miwili baadaye Mjesuiti mwenzake, Alphonse Antonio de Sarasa, akaonyesha kwamba maeneo hayo yanakwenda kama logi. Kitako cha logi hii nacho kinaamuliwa na eneo lenyewe: ni ile namba ambayo ukiifikia kutoka 1, eneo linatimia 1 kamili. Namba hiyo ni e, takriban 2.718.

Mpaka hapa hatujavihitaji vile vistari. Vinahitajika tukivuka kwenda kushoto. Hakuna kipeo cha namba halisi unachoweza kuipa e ikatoa −4, kwa hiyo ln(−4) haipo miongoni mwa namba halisi. Lakini 1/x haina tatizo lolote kwenye −4, kwani inatoa −1/4. Mkunjo wetu una mikono miwili, mmoja kulia juu ya mstari na mwingine kushoto chini yake. Tukiandika ln x peke yake, mkono wa kushoto unakosa jibu.

Hebu tujaribu ln|x| huko kushoto, tukichukua namba bila alama yake ya hasi. Kwenye −4 tunapata ln 4, yaani 1.386. Sogea kidogo kulia hadi −3.9, tunapata ln 3.9, yaani 1.361. Tumetembea 0.1 na logi imeshuka 0.025. Mwinamo wake ni takriban −0.25, ambao ni 1 gawanya kwa −4, kama tulivyotaka. Alama ya hasi haikupotea. Imerudi yenyewe, kwa sababu upande huu kwenda kulia ni kukaribia sifuri, na logi inapungua.

Mwaka 1712 na 1713 Johann Bernoulli na Gottfried Leibniz walibishana vikali kwa barua juu ya jambo hili. Bernoulli alisema kwamba kwa kuwa logi ya −x na logi ya x zina mwinamo uleule, 1/x, basi ni kitu kimoja. Leibniz alikataa, akasema logi za namba hasi ni za kufikirika. Leonhard Euler aliumaliza ubishi huo katika makala ya mwaka 1749: mwinamo kulingana hakuthibitishi kwamba vitu ni kimoja, kwani vinaweza kupishana kwa namba isiyobadilika. Kwa kweli ukiingia kwenye namba changamano, logi ya −1 ipo, na mojawapo ya thamani zake ni πi. Huko vistari havitumiki. Kwetu sisi tunaobaki na namba halisi, ln|x| inatosha.

Inatosha, lakini inategeka. Mtu akiulizwa integrali ya 1/x kutoka −1 hadi 2, atachukua ln 2 atoe ln 1, apate 0.693. Jibu linaonekana safi, nalo si sahihi. Eneo kutoka 0.1 hadi 1 ni 2.303. Kwa ule upanuzi wetu, safari hii mara kumi, eneo kutoka 0.01 hadi 0.1 nalo ni 2.303, na hatua inayofuata vilevile, bila mwisho. Ukikaribia sifuri eneo halina kikomo kulia, na halina kikomo kushoto.

Jaribu kuirukia sifuri uone. Ukiacha pengo kutoka −0.001 hadi 0.001, kushoto unapata −6.908 na kulia 7.601, jumla 0.693. Ukiacha pengo kutoka −0.001 hadi 0.002, kushoto ni −6.908 na kulia ni 6.908, jumla sifuri. Jibu linalobadilika kwa namna ulivyokata pengo si eneo. Kabla ya kutumia ln|x|, tazama kama sifuri imo kati ya mipaka yako. Ikiwamo, integrali hiyo haipo.

Na kwa kuwa sifuri inaitenganisha mikono hiyo, hata ile C ni mbili. Chukua ln x + 5 kulia na ln(−x) − 2 kushoto, mwinamo ni 1/x kila mahali. Ukiambiwa thamani kwenye x = 1 ni 5, umeujua mkono wa kulia wote. Wa kushoto utahitaji kuambiwa kivyake.