Hotuba ya Mkutano Huandikwa Kuanzia Mwisho

Mtoa mada mkuu anayepewa dakika 20 hana dakika 20. Mshereheshaji atasoma wasifu wake, naye atasalimia meza kuu hata kama itifaki imeshazingatiwa. Zinazobaki ni 17 hivi, na hizo ndizo za kupangia. Kwa mwendo wa kusikika vizuri ukumbini, takriban maneno 100 kwa dakika, hotuba nzima isizidi maneno 1,700.

Tuchukue mfano wa mtaalamu wa kahawa aliyealikwa kuzungumza na vyama vya ushirika mjini Moshi. Aanze kwa kuandika sentensi ya mwisho: "Msimu huu, tuchume nyekundu peke yake." Hapo amepata kipimo. Lolote lisilowasogeza wasikilizaji kwenye wito huo litolewe, hata historia ndefu ya zao lenyewe.

Kisha atafute kisa cha kufungulia, kisichozidi dakika 2: mtu mmoja, siku moja, shida moja. Mkulima anafika kiwandani jioni na gunia lililochanganyika nyekundu na mbichi, anaambiwa akae pembeni achambue, na giza linamkuta hapo. Kisa kizuri hubeba hoja ndani yake. Mwaka 2009, mwandishi Chimamanda Ngozi Adichie alianza hotuba yake kuhusu hatari ya simulizi moja kwa kueleza utoto wake Nigeria, alivyosoma vitabu vya Uingereza na kuandika hadithi za watoto wazungu wanaokula matufaha. Kabla hajaifafanua hoja yake, wasikilizaji walikuwa wameshaiona.

Slaidi zije baada ya maneno kukamilika. Mtaalamu wetu anahitaji picha mbili za kiganja: kimoja kina kahawa mbivu tupu, kingine mchanganyiko. Aya nzima ikiwekwa ukutani, watu huisoma na kuacha kumsikiliza anayesema. Afike ukumbini mapema, awashe projekta, akae kiti cha nyuma kabisa. Asichoweza kukisoma kutoka pale akikuze au akiondoe.

Sehemu ya katikati ibebe hoja mbili, dakika 6 kila moja: namna mbichi zinavyoharibu ladha, na namna ya kurudia mti uleule kadiri zinavyoiva. Zinabaki dakika 3 za kufunga. Katika kila hoja aweke alama kwenye mfano mmoja unaoweza kurukwa. Ratiba ikichelewa na mwenyekiti akampa kikaratasi cha kumhimiza, aruke mifano hiyo, asikimbize hitimisho.

Kwenye kufunga asilete takwimu mpya wala kurudia shukrani ndefu. Aseme nani afanye nini na kuanzia lini, atamke ile sentensi, kisha anyamaze. Nawe ukialikwa, fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, saa ikiwa mbele yako. Ukivuka dakika 17, punguza maneno, usiongeze kasi.