Pete ya Mpira na Kisu cha Mpasuaji: Bawasiri Inapokataa Tiba ya Nyumbani

Ndani ya tupu ya nyuma, kiasi cha sentimita mbili kutoka mlangoni, upo mstari wenye ncha ncha mfano wa meno ya msumeno, na mstari huo, ambao wengi wetu huishi na kufa bila kujua kuwa tunao, ndio unaoamua kama mgonjwa wa bawasiri atatoka kwa tabibu akitembea kwa miguu yake baada ya robo saa, au atalala kitandani wiki mbili akihesabu saa za dawa yake ya maumivu. Juu ya mstari huo utando wa ndani huhisi kujaa na kuvutwa, lakini mkato hausikii. Chini yake ni ngozi, nayo husikia kama isikiavyo ncha ya kidole.

Bawasiri ya ndani huanzia juu ya mstari. Kila mwanadamu huzaliwa na vitakia vitatu laini vyenye mishipa ya damu, vinavyosaidia kuziba mlango usivuje hewa wala maji. Na kwa sababu ya choo kigumu, kujikamua kwa miaka mingi au mimba, vitakia hivyo hulegea, huvimba na kuteremka. Vikitoa damu bila kutokeza nje, hiyo ni daraja ya kwanza. Vikitokeza wakati wa haja na kurudi vyenyewe, ya pili. Vikihitaji kurudishwa kwa kidole, ya tatu. Na vikikataa kurudi kabisa, ya nne. Maji ya kutosha, mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa na kuacha kukaa chooni muda mrefu huwatuliza wengi wa daraja za mwanzo, na ambaye amefanya hayo kwa uaminifu wiki kadhaa na damu bado inadondoka, huyo ndiye ninayemwandikia.

Tumtwae kwa mfano fundi cherehani wa Tanga, umri wake miaka 46, ambaye damu yake nyekundu hudondoka chooni na kifuko kimoja hutoka na kurudi chenyewe. Tabibu mwenye insafu hatakimbilia kumfunga. Kwanza atampima wingi wa damu, kwa maana damu chache chache za kila siku humfanya mtu akose nguvu asijue sababu. Kisha, kwa umri huo, atataka utumbo mpana uchunguzwe kwa kamera, kwani saratani nayo hutoa damu, na wako waliopoteza mwaka mzima wakitibiwa bawasiri waliyokuwa nayo kweli, huku maradhi makubwa yakikaa juu yake kimya. Atauliza pia kama fundi anatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande.

Kufunga bawasiri si jambo jipya, maana matabibu wa Kiyunani wa zama za Hipokrati walikwisha kuandika juu ya kuifunga kwa uzi wa sufu. Lakini aliyeieneza pete ya mpira ni mpasuaji Barron wa Detroit, Marekani, mwaka 1963. Fundi wetu hulazwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kifuani, wala hapigwi sindano ya ganzi. Kijibomba kifupi hupitishwa, taa humulika, na kifaa chenye pete iliyotanuliwa mdomoni mwake hukifyonza kile kifuko sehemu iliyo juu ya mstari, sentimita moja au zaidi. Hapo, kabla pete haijaachiliwa, tabibu aliye mwangalifu hutua na kuuliza: "Unasikia maumivu?" Fundi akijibu kuwa anasikia mvuto tu, pete huachiliwa, nayo hurudia udogo wake na kukaba shingo ya kifuko, ambacho hubaki kama punje ya kunde na kuanza kugeuka rangi kuwa zambarau. Akijibu kuwa panachoma kama moto, mahali si pake, na hupandishwa juu. Pete iliyokwisha kukaba chini ya mstari ni adhabu isiyo na sababu, na dawa yake ni kukatwa na kutolewa siku hiyo hiyo.

Siku mbili za kwanza fundi atahisi uzito na hamu ya haja isiyokuwa haja ya kweli, na hapa ndipo wengi hukosea: huenda chooni, hujikamua, nao kumbe wanakisukuma kifuko kilichofungwa. Na apuuze hamu hiyo, akae katika beseni la maji ya uvuguvugu, anywe parasetamoli. Kazini aweza kurudi kesho yake. Lakini siku kubwa haijafika bado, nayo ni ile baina ya siku ya tano na ya kumi, kifuko kilichokosa damu kinapokufa na kuanguka pamoja na choo, mara nyingi bila mwenyewe kuona, kikaacha kidonda kidogo ambacho kovu lake ndilo litakaloshika utando usiteremke tena. Damu kidogo siku hizo ni ya kutazamiwa. Damu inayotoka kwa mabonge na kumtia mtu kizunguzungu ni ya kukimbiliwa hospitali. Kwa hiyo si busara kupanga safari ya mbali juma hilo.

Jambo moja nataka lishikwe vizuri, kwani ni la nadra lakini huua: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, homa, na mkojo kukataa kutoka. Vikikutana hivyo, ni uchafu umeingia ndani ya nyama, na hakuna kungoja asubuhi. Akisalimika, kama wengi wasalimikavyo, fundi hurudi baada ya wiki nne hadi sita kufungwa kifuko kingine ikiwa bado pana haja.

Dada yake mkubwa, muuza samaki, hali yake ni nyingine: vifuko vyake ni vya daraja ya nne, vimeungana na ngozi ya nje, na pete haiwezi kitu hapo. Yeye atakatwa kwa njia iliyoelezwa na Milligan na Morgan wa Hospitali ya Mtakatifu Marko, London, mwaka 1937, ambayo huacha majeraha matatu wazi, na baina yao vipande vya ngozi nzima. Vipande hivyo vikifanyiwa uroho wa kisu, mlango hupona umebana. Bawasiri iliyokatwa hivi hurudi kwa nadra kuliko iliyofungwa, lakini gharama yake ni kwamba jeraha limevuka mstari.

Ganzi ya uti wa mgongo ikiisha, maumivu huanza kwa dhati. Usiku huo mkojo huweza kuziba, na mpira wa mkojo ukahitajika. Choo cha kwanza, siku ya pili au ya tatu, ndicho kinachoogopwa zaidi, na anayekizuia kwa hofu hukifanya kigumu akajiongezea balaa. Basi dawa ya kulainisha, kama laktulosi, huanza mapema, tena kodeini hutumiwa kwa hadhari kwani hufunga choo. Maji ya kutawadhia yanamfaa kuliko karatasi. Damu ya ghafla huweza kutokea siku ya saba hadi ya kumi na nne, hata kwa aliyekwisha kujiona mzima. Wiki ya tatu au ya nne dada huyu aweza kurudi sokoni, akisimama zaidi ya kuketi, na majimaji kidogo yakiendelea kutia doa nguo yake. Na wiki ya sita tabibu atapitisha kidole kimoja, taratibu, kutazama kama mlango umebana.