Kukataa Ofa ya Kazi Bila Kuharibu Uhusiano

Mwajiri aliyetoa ofa ya kazi huudhiwa zaidi na ukimya kuliko na jibu la hapana. Baada ya usaili, ofisi ya rasilimali watu huwapanga waombaji kwa alama. Wa kwanza hupewa ofa, na wa pili huwekwa akiba. Wa kwanza akikataa mapema, wa pili bado anangoja simu. Akikataa baada ya wiki tatu, huenda yule wa pili keshaajiriwa kwingine, na nafasi italazimika kutangazwa upya. Ndiyo maana siku ya kujibu ina uzito kuliko ufundi wa maneno.

Chukulia mhasibu wa Mwanza aliyepata barua ya ofa Jumatatu kutoka kiwanda cha kusindika samaki, anayetakiwa kujibu kabla ya Ijumaa jioni. Wakati huohuo anasubiri matokeo ya usaili mwingine huko Dodoma. Kosa linalofanywa na wengi hapa ni kukubali ofa iliyopo "kwa tahadhari", kisha kujitoa nyingine ikija. Njia safi ni kukiandikia kiwanda siku hiyohiyo kwamba barua imepokewa, na kwamba jibu litatolewa ndani ya muda uliowekwa. Kama muda hautoshi, huombwa nyongeza yenye tarehe maalumu, kwa mfano Jumanne inayofuata. Kuomba "muda kidogo" hakumsaidii mwajiri kupanga lolote.

Alhamisi Dodoma wanampa kazi, naye anaamua kwenda huko. Hatua ya kwanza ni simu, katika saa za kazi, kwa aliyesaini barua ya ofa au kwa meneja ambaye angekuwa bosi wake. Ujumbe wa WhatsApp peke yake huonekana kama kukwepa. Simu yenyewe haihitaji kuzidi dakika chache: salamu, shukrani, uamuzi, sababu moja. Uamuzi utamkwe waziwazi, kwa kuwa maneno kama "nafikiri itakuwa vigumu kidogo" humwachia mwajiri tumaini lisilokuwepo.

Siku hiyohiyo barua pepe hufuata, ili ofisi iwe na kumbukumbu ya kumruhusu afisa kumpigia mwombaji wa pili:

"Ndugu Meneja, nashukuru kwa ofa ya nafasi ya mhasibu na kwa muda mlionipa wakati wa usaili. Kama nilivyoeleza kwa simu leo, sitaweza kuipokea, kwa kuwa nimekubali nafasi nyingine inayohusu zaidi ukaguzi wa hesabu, eneo ninalotaka kubobea. Naomba radhi kwa usumbufu, na nawatakia heri katika kumpata mhasibu anayefaa."

Sababu iliyotajwa ni moja, fupi na ya kweli. Kisingizio cha ugonjwa au msiba hufichuka upesi, kwani wahasibu wa mji mmoja hufahamiana. Mshahara wa kule aendako hautajwi, wala kasoro za kiwanda hazisimuliwi. Kama tatizo ni mshahara, ulipaswa kujadiliwa kabla ya kukataa. Ukiletwa baada ya hapo, kukataa huonekana kuwa mbinu ya kupandisha bei. Mwajiri naye anaweza kujibu kwa kuongeza dau, hivyo mhusika aamue kabla ya kupiga simu kama nyongeza ingembadilisha mawazo.

Mara nyingi kuna mtu wa tatu: mjomba, mwalimu wa zamani au rafiki aliyemuunganisha mwombaji na kampuni. Huyo apewe habari kabla hajazisikia kutoka kwa mwajiri, maana jina lake ndilo lililowekwa rehani. Wadhamini waliotajwa kwenye maombi nao huarifiwa na kushukuriwa.

Mambo hubadilika mkataba ukishasainiwa. Hapo suala si adabu tu, bali pia ni sheria, na kipengele cha notisi husomwa kwanza. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 7 ikitolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, na siku 28 baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu mkataba wa majaribio uvunjwe kwa notisi ya siku 7. Anayejitoa kabla ya siku ya kuripoti naye afuate masharti aliyoyasaini, na arudishe alichokwisha kupokea, kama kompyuta au fedha za kuhamia.

Mwajiri aliyejibiwa mapema na kwa ukweli ana sababu ya kumpigia mtu huyo nafasi nyingine ikipatikana. Aliyekimbiwa kimyakimya hana.