Matokeo ya Maoni ya Watumishi: Namna Alama za Chini Zinavyopaswa Kurudishwa kwa Waliozitoa

Mkazi wa Mwakitolyo au Nyarugusu anayempeleka mgonjwa kituo cha afya usiku hukutana na mtumishi ambaye huenda yuko katika zamu yake ya tatu mfululizo. Namna atakavyopokewa hutegemea dawa na vifaa, lakini hutegemea pia ari ya mtumishi huyo. Ndiyo sababu taasisi mbalimbali, zikiwamo kampuni za migodi na ofisi za umma, huwapa watumishi wao dodoso la kupima ari ya kazi. Kujaza dodoso huchukua dakika chache tu. Kazi ngumu huanza baada ya majibu kuhesabiwa, pale uongozi unapotakiwa kuwarudishia watumishi matokeo, yakiwamo yale yanayoulaumu uongozi wenyewe.

Ili jambo hili lieleweke, na tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya. Kituo cha afya kilichopo karibu na machimbo kina watumishi 30, na kati yao 26 wamejaza dodoso. Watumishi 23 wamekubali kwamba wanaijua vema kazi wanayotakiwa kuifanya. Watumishi 9 wamekubali kwamba zamu za usiku hupangwa kwa haki. Watumishi 7 tu wamekubali kwamba wanapowasilisha dai au ombi hupewa jibu. Kwa asilimia, alama hizo ni 88, 35 na 27.

Kosa la kwanza ambalo uongozi unaweza kulifanya ni kutangaza wastani. Wastani wa alama hizo tatu ni asilimia 50, na msikilizaji atadhani hali ni ya kadiri. Kumbe hakuna jambo hata moja kati ya hayo matatu lililo katika hali ya kadiri: moja ni zuri sana na mawili ni mabaya. Kwa hiyo kila swali husomwa kwa maneno yaleyale yaliyoandikwa katika dodoso, pamoja na idadi ya waliojibu na ya waliokubali. Wanne ambao hawakujaza nao hutajwa, kwa kuwa ukimya wao waweza kuwa na maana.

Jambo la pili ni siri ya mtoaji maoni. Taasisi nyingi zimejiwekea desturi ya kutotoa matokeo ya kundi lenye watu wachache, aghalabu chini ya watano. Tuseme wodi ya wazazi katika kituo chetu ina watumishi wanne, na wote wamejaza. Matokeo yao hayapaswi kutolewa peke yao. Lakini hilo halitoshi. Iwapo taarifa itaonesha matokeo ya watumishi wote 26 na, pembeni yake, ya wale 22 wa vitengo vingine, mtu yeyote ataweza kutoa hesabu na kuyapata ya wale wanne. Njia salama ni kuiunganisha wodi hiyo na kitengo kingine, au kutoa matokeo ya kituo kizima tu. Maoni yaliyoandikwa kwa mkono hayabandikwi ukutani, maana mwandiko hutambulika. Hufupishwa kwa maneno mengine.

Katika halmashauri, mahali rasmi pa kuwasilisha matokeo ya jumla ni Baraza la Wafanyakazi, ambalo msingi wake ni Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003. Humo hukutana uongozi, wawakilishi wa idara na vyama vya wafanyakazi. Hata hivyo, muuguzi wa zamu haingii katika baraza hilo. Hivyo kila kituo kinahitaji kikao chake, ambapo mkuu wa kituo huyasoma matokeo mbele ya walioyatoa. Kikao kimoja hakitoshi iwapo nusu ya watumishi wako zamu. Hurudiwa siku nyingine.

Katika kikao hicho mkuu hatakiwi kujitetea wala kuuliza ni nani aliyelalamika. Swali lifaalo ni moja: jambo gani hasa limesababisha alama hii? Katika mfano wetu, watumishi wanaeleza kwamba orodha ya zamu hubandikwa jioni ya kuamkia mwezi mpya, na kwamba majeruhi wa machimboni huletwa zaidi usiku wa mwisho wa juma, wakati ambapo majina yaleyale ndiyo yaliyopangwa. Kuhusu madai, wanasema kuwa hawalalamikii kucheleweshwa kwa fedha za likizo pekee. Wanalalamika kwamba barua zao hupokelewa na hakuna anayewaambia zimefikia wapi. Maelezo hayo hubadili tiba. Bila hayo, uongozi ungeweza kuandaa semina ya kuhimiza uwajibikaji, na tatizo lingebaki palepale.

Baada ya hapo ndipo ahadi huwekwa, nazo zigawanywe katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa uongozi. Mkuu wa kituo aahidi kubandika orodha ya zamu ifikapo tarehe 25 ya mwezi unaotangulia, na kwamba hakuna mtumishi atakayepangwa usiku wa mwisho wa juma mara mbili mfululizo. Ofisa Utumishi aahidi kufungua rejesta ya madai, na kumjibu kila mdai kwa maandishi ndani ya siku 14 za kazi, hata kama jibu ni kwamba fedha haijapatikana. Kila ahadi ina mtu, tarehe na kitu kinachoonekana kwa macho.

Fungu la pili ni mambo yaliyo nje ya uwezo wao, kama vile mishahara, vibali vya ajira na nyumba za watumishi. Hapa uongozi hauna budi kusema wazi kwamba hauwezi kuahidi matokeo, bali hatua tu. Kwa mfano, ombi la nyumba laweza kuingizwa katika mapendekezo ya bajeti, au katika mpango wa wajibu wa kampuni ya mgodi kwa jamii, ambao kwa Sheria ya Madini hukubaliwa pamoja na halmashauri husika. Ahadi mbili zilizotimizwa zina thamani kuliko kumi zilizosahauliwa, kwa sababu mtumishi aliyeahidiwa bure hatajaza dodoso lijalo, au atalijaza ovyo.

Baada ya miezi mitatu, maswali yale mawili huulizwa tena. Iwapo alama ya zamu imepanda kutoka 35 hadi 50, hiyo ni dalili ya kuaminika. Iwapo imeruka hadi 95 ilhali orodha bado inachelewa, yafaa kuchunguza kama watumishi walijaza karatasi mbele ya wakuu wao. Alama ya juu yaweza kuwa alama ya hofu.

Mkazi wa kata hana haki ya kujua nani alijibu nini, na hapaswi kuuliza. Lakini wajumbe wanaoiwakilisha jamii katika kamati ya usimamizi ya kituo wanaweza kuuliza kuhusu ahadi: orodha ya zamu ilibandikwa tarehe ngapi mwezi huu? Je, rejesta ya madai ipo, na ni barua ngapi zimepita siku 14 bila kujibiwa? Majibu ya maswali hayo hayamfichui mtumishi yeyote.