Ufunguo Unaosimbua Nusu: Mfano Mdogo wa Usimbaji wa Ufunguo wa Umma kwa Namba Tasa 5 na 11

Makala haya yanafafanua kwa hesabu kamili namna namba moja inavyosimbwa na kusimbuliwa katika mfumo wa RSA, uliotokana na kazi ya Rivest, Shamir na Adleman katika mwaka 1977. Namba zilizotumika ni ndogo kwa makusudi, ili kila hatua iweze kuhakikiwa kwa kalamu na karatasi. Hata hivyo, udogo huo unaweza kuficha kosa. Makala yanaonesha kwamba ufunguo wa siri uliokokotolewa kimakosa huweza kutoa jibu sahihi kwa namba nyingi, na hivyo kumfanya mwanafunzi aamini kuwa ameuelewa mfumo ilhali sivyo.

Hatua ya kwanza ni kuunda funguo. Mpokeaji wa ujumbe huchagua namba tasa mbili, nazo hapa ni 5 na 11. Zao lake ni 55, na namba hii hutangazwa kwa watu wote. Kisha mpokeaji hupunguza moja kutoka katika kila namba tasa na kuzidisha matokeo: 4 × 10 = 40. Namba 40 haitangazwi. Baada ya hapo huchaguliwa kipeo cha umma ambacho hakina kigawo cha shirika na 40 isipokuwa 1. Katika mfano huu kipeo hicho ni 3. Ufunguo wa umma, basi, ni jozi ya 3 na 55.

Ufunguo wa siri ni kipeo ambacho kikizidishwa kwa 3, zao lake likigawanywa kwa 40 hubakiza 1. Ili kukipata, tunaongeza 1 katika vigawe vya 40 na kutazama ni jumla ipi inayogawanyika kwa 3. Namba 41 haigawanyiki kwa 3, lakini 81 inagawanyika, na jibu ni 27. Kwa hiyo kipeo cha siri ni 27.

Tuchukulie kuwa mtumaji anataka kupeleka namba 8. Anaikokotoa katika kipeo cha 3, anagawanya kwa 55 na kuchukua baki. Kwa kuwa 8^3 ni 512, na 55 × 9 ni 495, baki ni 17. Namba 17 ndiyo inayosafiri hadharani.

Mpokeaji anatakiwa kupata baki la 17^27 linapogawanywa kwa 55. Hapa wengi hukwama, kwa sababu 17^27 ni namba yenye tarakimu 34. Kikokotoo cha kawaida huikadiria kwa kuacha tarakimu za mwisho, na baki linalotokana na makadirio hayo halina maana yoyote. Njia sahihi ni kuzidisha namba kwa yenyewe hatua kwa hatua, na kuchukua baki kila mara kabla ya kuendelea:

```
17^2  = 289       baki 14
17^4  = 14 × 14   baki 31
17^8  = 31 × 31   baki 26
17^16 = 26 × 26   baki 16
```

Kwa kuwa 27 = 16 + 8 + 2 + 1, tunazidisha mabaki ya vipeo hivyo vinne. Kwanza 16 × 26 ni 416, baki 31. Kisha 31 × 14 ni 434, baki 49. Mwisho 49 × 17 ni 833, baki 8. Namba ya awali imerudi, na katika hatua zote hakuna zao lililozidi tarakimu tatu.

Swali la msingi ni kwa nini imerudi. Kusimba kwa 3 kisha kusimbua kwa 27 ni sawa na kuikokotoa 8 katika kipeo cha 81, na 81 ni 1 + 80. Kanuni ya Fermat inaeleza kwamba namba isiyogawanyika kwa 5 ikikokotolewa katika kipeo cha 4, hubakiza 1 inapogawanywa kwa 5. Vivyo hivyo, namba isiyogawanyika kwa 11 ikikokotolewa katika kipeo cha 10 hubakiza 1 inapogawanywa kwa 11. Kwa kuwa 80 ni kigawe cha 4 na pia cha 10, ile sehemu ya 80 hugeuka kuwa 1 pande zote mbili, na kinachosalia ni 8 yenyewe. Kwa namba inayogawanyika kwa 5 au 11, upande husika hubaki sifuri kabla na baada, hivyo hauharibu chochote. Namba mbili zinazotoa mabaki sawa kwa 5 na kwa 11 hutoa pia baki sawa kwa 55. Kwa sababu hiyo kila namba kuanzia 0 hadi 54 hurejea ilivyokuwa.

Sasa tulitazame kosa lililotajwa mwanzoni. Mwanafunzi anaweza kutafuta kipeo cha siri kwa kutumia 55 badala ya 40. Ataona kwamba 3 × 37 ni 111, na kwamba 111 ikigawanywa kwa 55 hubakiza 1. Ataamini kuwa ufunguo ni 37. Akiujaribu kwa namba 6, mambo yatamwendea vizuri: 6^3 ni 216, baki 51, na 51^37 itabakiza 6. Lakini akiujaribu kwa 17 atapata 52 badala ya 8.

Chanzo cha tofauti hiyo kinaonekana tukirejea hoja ya awali. Namba 111 ni 1 + 110. Namba 110 ni kigawe cha 10, hivyo upande wa 11 uko salama: 52 na 8 zote hubakiza 8 zinapogawanywa kwa 11. Hata hivyo, 110 si kigawe cha 4, na upande wa 5 umeharibika: 52 hubakiza 2, ilhali 8 hubakiza 3. Namba zinazobakiza 0, 1 au 4 kwa 5 hupita bila kudhurika. Zile zinazobakiza 2 au 3 hubadilishana nafasi. Kwa hiyo, kati ya namba 55, ufunguo huu batili husimbua 33 kwa usahihi na kukosea 22. Jaribio la namba moja, basi, halithibitishi ufunguo. Kinachouthibitisha ni kuonesha kwamba zao la vipeo viwili, likipunguzwa 1, linagawanyika kwa 4 na kwa 10.

Mfano huu una mipaka yake. Yeyote anayeiona 55 huitambua mara moja kuwa ni 5 × 11, naye hupata 40 na kisha 27 kwa njia ileile aliyoifuata mpokeaji. Usalama wa mfumo hautokani na ugumu wa hatua zilizoelezwa hapa, bali na ugumu wa kurudi kutoka katika zao hadi kwenye vigawo tasa vyake. Ndiyo maana katika matumizi halisi zao hilo huwa, kwa mfano, na biti 2048, yaani tarakimu 617. Vilevile, namba ileile ikisimbwa mara mbili kwa ufunguo uleule hutoa jibu lilelile, na 10 hapa hujisimba kuwa 10, kwa kuwa 1000 ikigawanywa kwa 55 hubakiza 10. Kwa sababu hiyo, katika matumizi halisi ujumbe huongezewa tarakimu za kubahatisha kabla ya kusimbwa.