Fahamu: Barua ya ajira isiyoacha utata

Tuseme kituo cha kuosha kahawa cha Buhinyuza, Burundi, kinaajiri karani. Barua ikisema “mshahara faranga 300,000”, mwezi wa kwanza ugomvi umeanza: ni kabla ya makato ya kodi na ya INSS, au baada? Andika “mshahara ghafi”, na siku ya kulipwa.

Kazi itajwe: kupima buni, kujaza daftari la wakulima. “Na kazi nyinginezo” peke yake ni mtego.

Kipindi cha majaribio kiwe na tarehe, 1 Septemba hadi 30 Novemba, na notisi ya kuachana. Kwa kulinganisha, nchini Kenya sheria ya ajira ya 2007 inaweka kikomo cha miezi 6, na notisi isiyopungua siku 7. Kuongeza muda huko kunahitaji ridhaa ya mfanyakazi. Barua ikinyamaza kuhusu majaribio, karani hajui mwezi wa nne yuko wapi.